Kidari cha Bata: Ngozi Chini, Moto Mdogo

Mama mmoja wa Panda, mtaa wetu huu wa mji wa Likasi, ametuandikia barua yenye swali lililostahili jibu refu. Asema hivi: «Mwalimu, mwanangu mkubwa amerudi kutoka Lubumbashi alikojifunza kazi ya upishi. Alichinja bata wangu mmoja, akatenga vidari, akavikaanga akavileta mezani vikiwa vyekundu ndani. Wadogo zake walikula. Bibi yao alikataa kabisa. Juma lililofuata nikapika mimi kwa njia yangu, ndani ya sufuria yenye maji kidogo na vitunguu. Nyama ikawa ngumu kama kamba, na ngozi ikawa kama mpira. Je, kati yetu ni nani mwenye haki?»

Mama mpendwa, kila mmoja wenu ana haki nusu. Mwanao ajua kutendea ngozi. Bibi ajua kuogopa nyama isiyoiva. Yafaa tuone namna ya kushika yote mawili katika kikaango kimoja.

Chukueni kidari cha bata mkitazame. Kwa kweli hamna kitu kimoja mkononi, bali viwili vilivyoshikamana. Juu mna ngozi na tabaka la shahamu chini yake. Chini mna nyama nyekundu, iliyo karibu na nyama ya ng'ombe kwa rangi kuliko ile ya kidari cha kuku. Kuku harukaruki sana, hutumia kidari chake kwa dakika chache tu, kwa hiyo kidari chake ni cheupe. Bata ni ndege wa safari. Hata yule wa nyumbani asiyeruka mbali amerithi misuli ya kurusha mabawa kwa muda mrefu, na misuli ya namna hiyo huwa na wekundu mwingi wa kushika hewa. Nyama hiyo ikipata joto jingi kwa muda mrefu hukamuliwa maji yake ikakauka. Lakini ngozi na shahamu vyataka kinyume chake: joto la muda mrefu, la polepole, hadi mafuta yote yatoke na maji yote yaondoke. Hapo ndipo shida yote ilipo. Apikaye vyote viwili sawasawa, kama katika sufuria, hupoteza kimoja au hupoteza vyote.

Kwa sababu hiyo kidari hulazwa ngozi chini, nacho hukaa hivyo karibu muda wote. Ngozi hugusa chuma. Nyama hukaa juu yake kama mtu aliyeketi juu ya mkeka mnene, ikipata joto lililokwisha kupunguzwa na shahamu.

Kabla ya kuendelea, tumjue bata tuliye naye. Katika nyua za Panda bata wengi ni wale wakubwa, weusi au weupe au wa madoadoa, wenye nyama nyekundu zenye chunjua usoni, wasiopiga kelele bali hupumua kwa sauti ya fuu-fuu. Wafaransa humwita bata wa Barbaria, ingawa asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Vitabu vya upishi vya Kifaransa visemapo juu ya kidari cha bata, mara nyingi havisemi juu ya huyu wetu. Vyasema juu ya bata chotara, mwana wa dume la Barbaria na jike la bata wa kawaida, aliyenenepeshwa kwa mahindi mpaka ini lake limekuwa kubwa mno. Shahamu ya huyo yaweza kufikia unene wa kidole cha mtoto. Hapo zamani watu wa Gaskonya, kusini-magharibi mwa Ufaransa, walikihifadhi kidari chake ndani ya mafuta pamoja na mapaja. Ni mpishi André Daguin wa mji wa Auch aliyeanza, mwaka 1959, kuwapa wageni wake kidari hicho kimechomwa kama bifteki, chekundu ndani. Desturi hiyo ikaenea ulimwenguni, nayo ndiyo iliyomfikia mwanao huko Lubumbashi.

Bata wetu, aliyekula pumba, mabaki ya bukari na wadudu wa mferejini, ana shahamu nyembamba, yapata milimita 4 au 5, na jike huwa na kidogo zaidi ya dume kwa kadiri ya mwili wake. Kwa hiyo saa za vitabu vile si saa zetu. Kitabu kikisema dakika 15 upande wa ngozi, sisi tutaona kazi imekwisha katika dakika 10 au pungufu. Jicho na sikio vitafaa kuliko saa.

Sasa, shahamu hutokaje? Wengi hudhani kwamba mafuta ya bata ni magumu kuyeyuka, kwa hiyo huwasha moto mkali. La hasha. Mafuta yenyewe huanza kuwa maji katika joto dogo. Ukiacha kipande chake mkononi, vidole vitang'aa. Lakini mafuta hayo yamefungiwa ndani ya vijifuko vidogo sana, na vijifuko hivyo vimeshikwa na nyuzi za namna ya gundi, zile zile zitoazo mchuzi mzito unaoganda tuchemshapo kwato. Nyuzi hizo hazilegei upesi. Zahitaji joto la kutosha, na zahitaji muda. Zikilegea, mafuta hupata njia ya kutoka.

Tena kuna maji. Ngozi mbichi imejaa maji, na maadamu yamo, ngozi haiwezi kupata joto kupita lile la maji yachemkayo, hata kikaango kiwe na moto namna gani. Maji yakiisha kutoka, hapo ndipo ngozi hupanda joto, hugeuka rangi ya dhahabu na kuwa kavu ya kuvunjika mdomoni. Sasa tazameni kosa la sufuria: humo maji hayaishi kamwe. Nyuzi hulegea, ndiyo, na mafuta huelea juu, lakini ngozi hubaki imelowa. Huo ndio mpira alioulalamikia mama yetu. Na kosa la moto mkali ni jingine: uso wa ngozi huungua na kujikunja mara moja, hufunga kama kifuniko, na chini yake shahamu hubaki nyeupe kama ilivyokuwa. Ukiikata utaiona, tabaka la mafuta baridi lisilopendeza kinywani.

Kwa hiyo kidari huwekwa katika kikaango baridi. Sharti hili huwashangaza akina mama wengi, kwani tumefundishwa kutia nyama penye moto. Lakini kikaango kianzapo baridi, joto hupanda pamoja na ngozi. Nyuzi hulegea kabla uso haujaungua, na mafuta hupata nafasi ya kutiririka. Wala hamhitaji kutia mafuta ya mawese wala ya chupa. Bata huleta mafuta yake mwenyewe.

Matayarisho si mengi, ila yote yahusu ukavu. Mkichovya bata katika maji ya moto ili kumnyonyoa, maji yasichemke, kwa kuwa ngozi hupikika na kuchanika. Akiisha kuchinjwa na kusafishwa, mwili wake hukakamaa kwa muda wa saa kadhaa; nyama ipikwayo katika saa hizo huwa ngumu hata mpishi awe hodari. Mwenye friji amlaze humo hadi kesho yake, vidari vikiwa vimetengwa, ngozi juu, bila kufunikwa, mbali na vyakula viliwavyo vibichi. Hewa baridi hukausha ngozi vizuri kuliko kitambaa chochote. Asiye na friji amchinje asubuhi na mapema, amtundike mahali pa baridi penye kivuli pasipo nzi kwa saa chache, kisha apanguse ngozi hadi ikauke, apike siku hiyo hiyo. Na tuache desturi ya kuosha nyama ya ndege chini ya bomba: matone huruka mpaka kwenye sahani na mboga, na vijidudu huruka pamoja nayo.

Kisha chukueni kisu kikali mkaichore ngozi kwa mistari ya mshazari, umbali wa sentimita 1 hivi kati ya mstari na mstari, halafu mwichore tena kwa kukatiza, kama wavu. Kisu kipite ngozi na shahamu, kisiguse nyama. Mkiigusa, maji ya nyama yatashuka katika mafuta, yataruka na kuchoma mikono, na ngozi italowa tena. Kwa bata wetu mwembamba mkono uwe mwepesi kweli kweli. Nyunyizeni chumvi, nyingi kidogo upande wa ngozi.

Neno moja juu ya umri. Kidari cha kukaanga ni cha bata kijana, wa miezi mitatu mpaka mitano. Bonyezeni ncha ya nyuma ya mfupa wa kidari: ikipinda kama sikio, bata ni kijana, ikiwa ngumu kama kijiti, mpelekeni sufuriani pamoja na vitunguu, achemke saa mbili au zaidi. Huko mama yetu atakuwa na haki yote.

Tuje kwenye moto. Ingawa mabwawa ya Mwadingusha na Koni juu ya mto Lufira hayako mbali nasi, umeme una siku zake za kuja na siku zake za kukosekana, na nyumba nyingi hupika kwa makala juu ya mbabula. Resho ya umeme ni rahisi: mnageuza kitufe mpaka chini kidogo ya nusu, basi. Mbabula haina kitufe. Subirini makala yote yafunikwe na majivu meupe, pasiwe na ulimi wa moto hata mmoja. Yatandazeni yawe tabaka moja. Wekeni kiganja mahali kikaango kitakapokaa, mhesabu polepole. Mkilazimika kuutoa mkono kabla ya kufika 5, moto ni mkali mno. Ondoeni makala kadhaa, au inueni kikaango juu ya mawe matatu madogo. Mkifika 8 au 9, ndio moto wenyewe. Kikaango kizito cha chuma ni bora. Chepesi hupata joto mahali pamoja na kuunguza hapo. Chini yake wekeni kipande cha bamba la chuma ili joto lienee.

Sasa tupike. Tuseme tuna dume wa kilo karibu 4 alipokuwa hai, na vidari vyake viwili vina gramu 300 hivi kila kimoja. Tumevilaza ngozi chini katika kikaango baridi, na kikaango kimewekwa juu ya mbabula. Dakika mbili za kwanza hakuna kitu kionekanacho, na mpishi asiye na subira atataka kupepea makala. Asipepee. Katika dakika ya tatu hivi ukingo wa ngozi huanza kung'aa, kisha husikika sauti ndogo. Sikilizeni sauti hiyo, maana ni maji ya ngozi yatokayo kwa mvuke. Iwe kama mvua nyepesi juu ya majani. Ikiwa ni kama mvua kubwa juu ya bati, moto umezidi. Ikinyamaza mapema, moto umepungua. Bonyezeni vidari kwa mwiko kwa sekunde chache ili ngozi yote iguse chuma.

Kufika dakika ya sita mafuta yamekwisha kuwa kidimbwi. Yamimineni katika bakuli la chuma, mkiacha kidogo tu. Hapa twapenda kuonya: inueni kikaango mbali na makala kwanza, kwa sababu tone moja likianguka motoni ndimi huruka mpaka usoni, na watoto wasisimame karibu. Baadaye sauti huanza kupungua yenyewe. Maana yake maji yanakwisha, na tangu sasa ngozi itabadilika rangi upesi. Inueni pembe ya kidari mtazame. Rangi ya asali nyeusi ndiyo tuitakayo; moshi wa samawati ukionekana, mafuta yamefika karibu digrii 190, nayo yatakuwa machungu. Kwa kidari chetu huwa ni dakika ya tisa au ya kumi. Tazameni pia ubavu wa nyama: ukijivu umepanda kutoka chini hadi theluthi moja, na juu nyama ingali mbichi.

Ndipo mnageuza, mara moja tu, ngozi ikiwa juu. Hapa njia za mwana na za bibi zaachana.

Mpishi wa hoteli huacha upande wa nyama dakika mbili au tatu, akaondoa kidari ndani yake pakiwa na digrii 54 mpaka 57. Nyama huwa nyekundu, laini, yenye maji. Hatukatai kwamba ni tamu. Lakini Wizara ya Kilimo ya Marekani, kama wakaguzi wengine wengi, hutaka nyama ya ndege wote, bata pamoja, ifike digrii 74 katikati, kwani hapo vijidudu vya salmonela na kampilobakta hufa mara moja. Bata wa uani hukoroga matope siku nzima kwa mdomo wake. Amechinjwa juu ya ubao wa nyumbani, wala hakupita mbele ya mkaguzi. Mtu mzima mwenye afya akipenda kujihatirisha, ni shauri lake. Mtoto mdogo, mama mjamzito, mgonjwa na bibi wa nyumba wasipewe kidari chekundu. Katika jambo hili, mama, mkweo ameona vema kuliko mwenye cheti.

Basi sisi tutaendelea hadi 74, ila kwa akili. Kidari kikisha kugeuzwa, sukumeni makala yakae upande mmoja, na kikaango kikae upande mwingine wenye joto dogo. Kiacheni hapo dakika 6 mpaka 8, huku mkimwagia nyama mafuta kwa kijiko kandokando, si juu ya ngozi. Msikifunike, maana mvuke utairudisha ngozi katika hali ya mpira. Joto likifika 71 ndani, ondoeni kidari mkiweke juu ya ubao safi, ngozi juu. Joto lililo nje huendelea kuingia ndani, na baada ya dakika tano mtakuta 74. Pimeni tena; kama haijafika, irudisheni. Kidari hiki hakitakuwa chekundu, lakini hakitakuwa kamba pia, kwa sababu kilipita 74 mara moja tu, hakikukaa huko saa nzima kama sufuriani.

Mtapimaje? Kwa kipimajoto cha jikoni chenye sindano. Chomekeni sindano kutoka ubavuni, ilale mpaka katikati ya mahali penye unene zaidi, isiguse chuma cha kikaango wala isiishie katika shahamu, kwa kuwa hapo itatoa hesabu ya uongo. Msitegemee rangi. Nyama hii ina wekundu mwingi kwa asili, hivyo yaweza kubaki na rangi ya waridi hali imeiva, na yaweza kuwa ya kijivu ukingoni hali katikati ni mbichi.

Wanafunzi wetu watapenda hili. Mkitaka kujua kama kipimajoto chenu ni kikweli, msikitie katika maji yachemkayo mkitazamia 100. Likasi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani, na maji yetu huchemka karibu digrii 96. Kipimajoto kionyeshacho 96 hapa Panda ni kizuri; kile kionyeshacho 100 chazidisha digrii 4, na nyama mnayodhani imefika 74 itakuwa 70 tu. Mwenye barafu apime kwayo pia: barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji kidogo huwa 0 popote, mlimani na baharini.

Asiye na kipimajoto akate kidari vipande vyembamba baada ya kuivisha ngozi, avirudishe vipande kikaangoni dakika mbili tatu, avigeuze mpaka kusiwe na ubichi popote. Ngozi itapoteza ukavu wake kidogo, lakini watoto watakula salama.

Wakati wa kukata, tazameni nyuzi za nyama zilivyolala, mkakate kwa kuzikatiza, vipande vyembamba kama nusu ya kidole. Katika nyama iliyofika 74 jambo hili lina maana sana: uzi mfupi hutafunika, uzi mrefu huwa ile kamba. Kateni ngozi ikiwa chini juu ya ubao, ili kisu kiiache mwisho kisiipondeponde.

Yabaki mafuta yaliyo katika bakuli. Vidari viwili vya bata wetu hutoa vijiko vikubwa vitatu au vinne. Yachujeni kwa kitambaa safi yangali vuguvugu, maji na vijivipande vya nyama vibaki nje, kwa maana hivyo ndivyo vichachishavyo. Tieni katika chupa kavu yenye kifuniko; katika friji yatakaa majuma kadhaa, na nje yatumieni ndani ya siku mbili tatu. Viazi vilivyochemshwa nusu, vikakatwa na kukaangwa humo, hupata ganda ambalo mafuta ya chupa hayatoi, na kijiko kimoja chatosha kwa sufuria ya lengalenga.